Kusahihisha Ngeli Pasina Kugeuza Muradi

Msahihishaji aliyeletewa mswada wa mwanafunzi wa Kiswahili, akaona viambishi vinagombana na majina yake, aghalabu hulitazama jina lililo karibu na kosa, akalipa kila neno kiambishi ambacho sarufi inakitaka, kisha akaurejesha mswada ukiwa hauna doa, wala asijiulize kama usafi ule haukununuliwa kwa maneno ambayo mwandishi hakuyasema. Rai yangu ni kwamba kazi hii yataka mwanzo mwingine kabisa. Kiambishi kilichokosewa nacho ni shahidi wa lile alilolikusudia mwandishi, na madhali hatuna njia ya kuingia moyoni mwake, yatupasa tuwasikilize mashahidi wote, tupime ni yupi wa kusadikiwa na ni yupi asemaye kwa mazoea tu, ndipo tuushike wino. Asiyefanya hivyo atapata Kiswahili sahihi, walakini huenda kikawa ni Kiswahili chake yeye msahihishaji.

Sababu ya hatari hii imo katika umbo la lugha yenyewe. Katika lugha nyingi za Ulaya umoja na wingi huonekana kwenye jina, na maneno yanayolifuata jina hayana mengi ya kuongeza; ilhali katika Kiswahili yako majina tele yasiyoonyesha hesabu hata kidogo, na hesabu yote imewekwa katika viambishi vya maneno yanayoyafuata. Asemaye «nyumba iliungua» ametaja hasara ya mtu mmoja, na asemaye «nyumba ziliungua» ametaja msiba wa mtaa, na baina yao hakuna tafauti illa herufi moja mbele ya kitenzi. Fauka ya hesabu, kiambishi hutujulisha ni jina lipi linalozungumzwa pale yanapokutana mawili katika sentensi moja, na hutujulisha kama mwandishi anakiona kitu ni kidogo au kikubwa, na kama jambo limetukia ndani ya mahali, au papo hasa, au kwa jumla katika upande ule. Basi ambaye mkono wake unageuza kiambishi anageuza mojawapo ya hayo, na sharti ajue ni lipi.

Wala makosa ya wanafunzi hayatoki katika chimbuko moja. Mwenye asili ya Ulaya hukosea kwa kuwa lugha yake haina ngeli, naye hujifunza maneno mawili matatu mapema, akayafanya ni ya kila mahali: «ya» huwa kwake ndiyo kiungo cha kila milki, akaandika «kitabu ya mwalimu» na «watoto ya jirani», na «ambayo» huwa ndiyo kiungo cha kila maelezo, liwe jina ni la mtu au la kitu. Mganda au Mkikuyu, kinyume chake, anazo ngeli tangu utotoni, na kosa lake ni kuleta utaratibu wa nyumbani: katika lugha yake mnyama hufuata ngeli ya jina lake, na kwa hiyo huandika «mbwa ile ilinifuata», ambapo Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, humpa kila chenye uhai upatanisho wa watu: «mbwa yule alinifuata». Tafauti hii yafaa sana kwa msahihishaji, kwa kuwa «ile» na «ili-» za Mganda ni maneno ya mtu anayejua kupatanisha, na umoja uliomo ndani yake ni wa kusadikiwa. Ilhali «ya» ya Mzungu huenda haina umoja wala wingi, imetua pale kwa desturi ya ulimi.

Nitunge kifungu cha mfano, chenye makosa ya aina zinazonijia mezani kila mhula, tukifuate hatua kwa hatua. Tuseme kimeandikwa na msichana wa Kizungu aliyekwisha kusoma mwaka mmoja:

«Nilipofika Unguja nilikaa katika nyumba ya bibi mmoja ambayo alinipenda sana. Nyumbani yake kulikuwa na miti nyingi, na kitoto chake mmoja kilikuwa kinanifuata kila mahali. Siku moja funguo yangu ilipotea, nikaitafuta mpaka jioni, na mbwa zile ya jirani zilinizuia kutoka. Barua ya mama yangu ambayo nilimngoja haikufika.»

Sentensi ya kwanza haina taabu. «Ambayo» yaelekea kwenye nyumba, «alinipenda» yaelekea kwenye bibi, na kwa kuwa nyumba haipendi mtu, tunaandika «ambaye», wala hatugusi kingine. Lakini tusiipite sentensi hii upesi, maana imetupa jambo tutakalolihitaji mbele: mwandishi huyu ametumia «ambayo» kwa binadamu, na papo hapo ameweka kiambishi cha kitenzi barabara. Yaani «ambayo» yake haina ithibati, na viambishi vya vitenzi vyake vinayo.

«Nyumbani yake» ndipo wasahihishaji wengi wanapoteleza, kwa sababu kosa ni moja na masahihisho yanayowezekana ni matatu. Jina likishapata «-ni» ya mahali, halifuati tena ngeli yake ya asili, bali hufuata ngeli ya mahali, nayo ina milango mitatu: «nyumbani kwake», «nyumbani pake», «nyumbani mwake». Mwenye haraka huchukua ule ulio karibu na ulimi wake. Lakini mwandishi ameandika «kulikuwa na», na hiyo «ku-» ameichagua mwenyewe. Tena anataja miti, na miti haioti chini ya dari. Tukiandika «nyumbani mwake mlikuwa na miti mingi» tumeiingiza miti sebuleni. Basi ni «kwake». Ama «miti nyingi» kuwa «miti mingi», hilo halina maneno mawili.

Linafuata lile la «kitoto chake mmoja», na hapa nataka kukaa kidogo, kwani ndipo maana inapopotea kimya kimya. Msahihishaji amesoma kwamba viumbe vyenye uhai hupatanishwa kama watu, naye yu katika haki: twasema «kipofu yule amefika» na «kiboko mkubwa ametoka majini», wala hatusemi «kipofu kile kimefika» tukiwa na adabu. Kwa kanuni hiyo atakata «kitoto chake mmoja kilikuwa kinanifuata» aandike «mtoto wake mmoja alikuwa ananifuata», na sentensi itakuwa safi. Walakini kipofu na kiboko ni majina yaliyozaliwa na «ki-» yao, na mtoto amevishwa «ki-» kwa makusudi, ili aonekane mdogo, ama kwa mapenzi ama kwa dharau. Na jina lililovishwa udogo hutaka viambishi vyake viufuate udogo huo. Mwandishi wetu ameandika «kitoto», akaandika «chake», akaandika «kilikuwa kinanifuata», na mara moja tu, kwenye hesabu, akarejea kwenye «mmoja». Mashahidi wanne wa udogo wapo, wote wamesimama mahali panapotaka kufikiri. Basi tunaandika «kitoto chake kimoja kilikuwa kinanifuata», na yule mtoto mdogo anayemwandama mgeni huku na huku anabakia kama alivyoonwa. Vivyo hivyo mwanafunzi akiandika «jibwa kubwa alinikimbiza», tusilirejeshe jibwa kuwa mbwa. Tuandike «lilinikimbiza», kwa kuwa hofu yake imo ndani ya ukubwa ule.

Sasa «funguo yangu ilipotea, nikaitafuta». Iko kanuni inayopendwa sana katika kazi yetu, kwamba sahihisho bora ni lile linalogusa maneno machache kuliko yote, nami naikubali katika mambo mengi. Lakini hapa inatudanganya. «Funguo» ni wingi wa «ufunguo», na anayehesabu maneno tu ataona kwamba akiliacha jina lilivyo, akaandika «funguo zangu zilipotea, nikazitafuta», amegusa matatu. Ilhali akiandika «ufunguo wangu ulipotea, nikautafuta» amegusa manne. Kwa hesabu hiyo angechagua wingi. Lakini tazama alichokisema mwandishi: «yangu» ni umoja, «ilipotea» ni umoja, «-i-» ya «nikaitafuta» ni umoja. «Ya-» tumekwisha kuivunjia ithibati; viambishi viwili vya vitenzi vimesimama pale pale vilipotakiwa kusimama. Ni dhahiri kwamba amelidhani jina «funguo» kuwa ni la kitu kimoja, kama «nyumba» au «kalamu», jambo ambalo hata wenyeji wengi mijini hulifanya. Kosa lake limo katika jina, na hesabu yake imo katika vitenzi. Basi tunabadili manne, na ufunguo mmoja unabakia mmoja.

Mbwa wa jirani huja kwa njia iyo hiyo, ila upande wa pili. «Zile» na «zilinizuia» ni wingi. «Ya» ni ile «ya» ya mazoea. Tunaandika «mbwa wale wa jirani walinizuia kutoka». Nataja jambo hili dogo kwa sababu nimeona mara nyingi msahihishaji akiwa ameshughulika na kumtoa mbwa katika ngeli ya vitu kumtia katika ngeli ya viumbe, akaandika «mbwa yule alinizuia», na kundi likawa mbwa mmoja. Anayehamisha jina kutoka upatanisho mmoja kwenda mwingine na ahamishe na hesabu yake.

Imebaki barua. «Barua ya mama yangu ambayo nilimngoja haikufika.» «Haikufika» ni ya barua, lakini hiyo ni habari kuu ya sentensi, nayo haitufunulii ni nani aliyengojwa. «Ambayo» yasema barua. «-M-» yasema mama. Tungekuwa na sentensi hii peke yake tungekwama, maana kila upande ungehitaji sahihisho moja tu: «barua ya mama yangu ambayo niliingoja», au «barua ya mama yangu ambaye nilimngoja». Ila tunajua mawili kutoka juu: kwamba «ambayo» ya mwandishi huyu huwekwa popote, na kwamba anapokusudia kitu hujua kuandika «-i-», kama alivyofanya katika «nikaitafuta». Dhana yangu basi yaelekea kwa mama: alikuwa anamngoja mama yake aje, na barua ya kumpa habari haikufika. Lakini dhana si yakini, na jambo lenyewe ni la maisha ya mtu. Hapa msahihishaji hana ruhusa ya kuamua. Ni wajibu wake kuuliza.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Mwanafunzi akiulizwa «hapa ulitaka ngeli ipi?» atababaika, atafungua kitabu, na jawabu atakalolileta litakuwa ni la kitabu, wala haliwezi kuwa la moyo wake. Na aulizwe habari: «Ulikuwa ukimngoja mama, au ukiingoja barua?» Atajibu mara moja, kwa kuwa analijua jambo lake. Kadhalika kwenye hesabu, aulizwe «zilikuwa ngapi?» na asiulizwe kama ni umoja au wingi. Tena nisingependa msahihishaji agombane na mwanafunzi juu ya majina ya ngeli. Aliyesomeshwa katika chuo cha Ulaya huzijua kwa hesabu iliyoanza na Bleek katika karne ya 19, akazungumza habari ya ngeli ya 9 na ya 10; aliyesoma Kenya atasema I-ZI; na ambaye amelelewa juu ya sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 atataja ngeli ya N. Wote wanatazama nyumba ile ile.

Baadhi ya dhana zilizoenea zataka kuondolewa. Ya kwanza ni kwamba kiambishi hufuata jina kwa mahali lilipo, ama lililotangulia ama lililo karibu. Mwanafunzi huandika «majani ya mgomba uliokauka», na msahihishaji, akiona majani ndiyo yaliyotangulia, hugeuza ikawa «yaliyokauka». Mwingine huandika «majani ya mgomba yaliyokauka», na msahihishaji mwingine, kwa kuwa mgomba uko jirani, hugeuza ikawa «uliokauka». Sentensi zote mbili zilikuwa sahihi tangu hapo. Katika moja mgomba umekufa, katika nyingine umekauka majani tu, na kuna mkulima ambaye kwake tafauti hiyo ni kubwa. Ya pili ni kwamba wingi wa viambishi ndio hukumu. Kwenye kitoto wingi ulituongoza vema, lakini viambishi vinaweza kukubaliana vyote katika ngeli iliyokosewa, kama vilivyofanya kwenye funguo, na shahidi mmoja aliyewekwa kwa fikira hushinda watatu walioletwa na mazoea.

Ya tatu huwapata hasa wale waliojifunza kanuni ya viumbe wakaishika kwa nguvu kupita kiasi. Mwanafunzi ameandika «rafiki zangu wamefika», nao wanakata «zangu» waandike «wangu», wakidhani wamekomesha fujo. Majina ya udugu na urafiki ya ngeli ya N, kama rafiki, ndugu, dada na mama, hushika viambishi vya «yangu» na «zangu» katika milki, huku vitenzi vyake vikifuata watu, na ndivyo wasemavyo wenyeji wa pwani. Tena tazama hasara: «rafiki wangu» haina hesabu, kwa kuwa «wangu» hutumika kwa mtu mmoja na kwa wengi, na kwa kuikata ile «z-», wingi umebaki kwenye kitenzi peke yake.

Iko na tamaa ya kupamba. Mwanafunzi ameandika «nilisoma vitabu ambayo ulinipa», na kosa ni «ambayo» peke yake. Msahihishaji huandika «nilivisoma vitabu ulivyonipa», sentensi nzuri, lakini ndani yake amefanya mambo mawili asiyoombwa. «Ambavyo ulinipa» kuwa «ulivyonipa» ni kuchagua mtindo, na mtindo ni wa mwandishi. «Nilisoma» kuwa «nilivisoma» ni zaidi ya hapo, kwani kiambishi kile cha mtendwa huvifanya vitabu viwe ni vile vilivyokwisha kujulikana baina ya wasemaji, na huenda ndiyo kwanza vinatajwa. Kitu kikikaa mahali pa mtendwa, kiambishi chake si kipambo cha kuongezwa kwa ajili ya utamu. Yatosha kuandika «nilisoma vitabu ambavyo ulinipa».

Nasema pia juu ya maneno ya watu wanaonukuliwa. Mwanafunzi aliyekaa Nairobi akaandika mazungumzo ya utingo wa matatu, akamwekea mdomoni «vitu zangu» na «gari yangu», amesikia vizuri. Ndivyo wasemavyo wengi pale, na kumfanya utingo aseme «vitu vyangu» na «gari langu» ni kumhamisha mji. Lakini kama «vitu zangu» imo katika masimulizi ya mwandishi mwenyewe, na mswada unakwenda kwa wasomaji wa Kiswahili Sanifu, isahihishwe. Mpaka ni alama za mtajo, na zikikosekana, ni swali jingine la kuulizwa.

Kwa utaratibu wa kazi, mimi husoma mswada mara ya kwanza mikono mitupu, nipate kujua ni habari gani. Mara ya pili hushika kalamu ya risasi, nikapiga mstari chini ya kila jina linalotawala, kisha nikavuta uzi mwembamba kutoka jina hilo hadi kila neno linalolifuata. Palipo na nyuzi mbili zinazoweza kuvutwa kutoka neno moja, naweka alama pembeni wala sibadili. Katika mapitio hayo hayo naandika kwenye karatasi ya kando viambishi ambavyo mwandishi huvipatia na vile anavyovitupa popote, na karatasi hiyo ndiyo inayoniamulia mengi. Wino huja mara ya tatu. Baada yake mwandishi husomewa sentensi zilizobadilika, naye huombwa azisimulie kwa lugha yake ya kuzaliwa. Hapo kundi la mbwa lililogeuka mmoja hujitokeza lenyewe.

Hutokea mwandishi akawa mbali, na swali likabaki bila ya jawabu. Msahihishaji na atazame kwanza kama lazima ya kuamua ipo kweli, maana sifa nyingi za majina ya ngeli ya N hazionyeshi hesabu: «nilipata barua ndefu kutoka nyumbani» yaweza kuwa moja au kumi, nayo ni sahihi ilivyo, haihitaji kuguswa wala kuulizwa. Pale ambapo viambishi vinapingana na hapana budi kuchagua, kama katika barua ya mama, mimi huchagua ule upande wenye shahidi mwenye nguvu, nikaandika «ambaye nilimngoja», na pembeni, kwa kalamu ya risasi inayofutika, nikaandika sentensi ya pili kamili, «ambayo niliingoja», ili siku mswada utakapomrudia mwenyewe aone zote mbili na akate ile isiyokuwa yake.